Barabara moja, majibu matatu: skeli ya 1:50,000 kwenye ramani ya fotokopi

*Shikamoo mtaalamu. Nina fotokopi ya ramani ya skeli ya 1:50,000. Nimepima barabara kwa rula kutoka darajani hadi njia panda, nikapata sm 12.4. Nikazidisha kwa 50,000 ikaja 620,000, nikaandika kilomita 620. Mwenzangu kaandika kilomita 6.2. Mwalimu katukosoa wote wawili, anasema ni kilomita 7.5. Halafu ule mstari wa skeli pale chini nimeupima kwa rula, kilomita 5 zinatoka sm 9.4. Nani yuko sawa, na hiyo 7.5 imetoka wapi?*

Marahaba. Mwalimu wenu yuko sawa, na kipimo kinachothibitisha jibu lake umekipima wewe mwenyewe: ni ile sm 9.4 uliyoitaja mwishoni. Kati ya jibu lako na lake kuna makosa matatu yaliyopandana. La kwanza ni la vizio. La pili linatokana na fotokopi. La tatu ni la rula iliyonyooka kuwekwa juu ya barabara isiyonyooka. Mwenzako ameliepuka la kwanza, hayo mawili mengine mmebaki nayo wote. Nitayachukua moja baada ya jingine, maana kila moja lina dalili yake, na ukishaijua dalili utalikamata kosa kabla hujaandika jibu.

Tuanze na vizio. Skeli ya 1:50,000 inasema kwamba urefu wowote juu ya ramani unawakilisha urefu mara 50,000 ardhini. Haitaji sentimita, wala mita, wala kilomita. Kwa hiyo kizio unachopimia ramani ndicho kizio unachokipata baada ya kuzidisha. Umepima kwa sentimita, basi 12.4 × 50,000 inakupa sentimita 620,000. Hadi hapo hesabu yako haina kasoro yoyote. Kosa limeingia pale ulipoondoa sifuri tatu ukaita zilizobaki kilomita. Kugawa kwa 1,000 ndiko kunakotoa mita kwenda kilomita, na wewe bado ulikuwa na sentimita. Kutoka sentimita hadi kilomita kuna ngazi mbili: unagawa kwa 100 upate mita, kisha kwa 1,000 upate kilomita. Kwa pamoja ni kugawa kwa 100,000.

Iandike hivi daftarini, na kila mstari uwe na kizio chake:

sm 12.4 × 50,000 = sm 620,000
sm 620,000 ÷ 100 = m 6,200
m 6,200 ÷ 1,000 = km 6.2

Hapo ndipo mwenzako alipofika. Kuandika kizio kwenye kila mstari kunaonekana kama kupoteza wino, lakini ndiko kunakozuia kosa hili. Ukiandika "620,000" tupu, hakuna kitu kwenye karatasi kinachokukumbusha hiyo ni nini. Ukiandika "sm 620,000", mkono wenyewe utasita kabla ya kuiita kilomita.

Kuna njia nyingine ya kuligundua kosa hili bila hesabu ndefu. Angalia ramani nzima ilivyo. Karatasi yenye upana wa sentimita 60, kwa skeli ya 1:50,000, inabeba kilomita 30 tu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Barabara ya kilomita 620 haiwezi kuingia kwenye karatasi hiyo hata ikipinda vipi. Kabla ya kukubali jibu lolote la umbali, jiulize kama linaingia ndani ya ramani ulikolitoa. Kwa makosa ya sifuri swali hilo linatosha, kwa sababu sifuri ikikosewa jibu halitelezi kidogo, linaruka mara kumi, mara mia au mara elfu.

Ukishaelewa ngazi hizo mbili huhitaji kuzirudia kila mara. Fanya hesabu ya sentimita moja tu, uiandike pembeni mwa ramani kwa penseli: 50,000 ÷ 100,000 = 0.5, yaani sentimita moja ni nusu kilomita. Baada ya hapo kila kipimo unakigawa kwa mbili, basi. Kwa ramani ya 1:25,000 sentimita moja ni mita 250. Kwa 1:250,000 ni kilomita 2.5. Kwa 1:1,000,000 ni kilomita 10. Zote zinapatikana kwa njia ile ile, kufuta sifuri tano kwenye namba ya kulia, au kusogeza nukta nafasi tano kuelekea kushoto pale sifuri zinapokuwa pungufu.

Utakutana pia na ramani za zamani zenye skeli ya 1:63,360, na wanafunzi wengi hushangaa namba hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye inchi na maili. Maili moja ina futi 5,280, futi moja ina inchi 12, na ukizizidisha unapata inchi 63,360. Ramani hiyo ilichorwa ili inchi moja iwe maili moja. Lakini kwa vile uwiano haujali kizio, hakuna anayekulazimisha kutafuta rula ya inchi. Pima kwa sentimita, zidisha kwa 63,360, gawa kwa 100,000, na kila sentimita itakupa kilomita 0.6336.

Sasa tuje kwenye fotokopi, sehemu ambayo hesabu nzuri kabisa inaweza kutoa jibu bovu.

Skeli ya uwiano ni kweli kwa karatasi ya ukubwa ule ule iliochapishwa nao. Mtu anapoweka ramani kwenye mashine na kuipunguza kidogo ili iingie kwenye karatasi ndogo, barabara zinafupika, mito inafupika, kila kitu kinafupika, isipokuwa maandishi "1:50,000" ambayo yanabaki yanasema vile vile. Namba haipungui thamani kwa sababu imechapwa kwa herufi ndogo zaidi. Ndiyo maana ramani haionyeshi dalili yoyote kwa macho: picha inafanana na ramani halisi, alama zote zipo, na bado kila kipimo utakachokitoa kwa rula kitakuwa pungufu.

Mstari wa skeli haudanganyi namna hiyo, kwa sababu wenyewe ni mchoro. Ramani ikipunguzwa, mstari unapungua nayo kwa kiasi kile kile. Kwenye ramani halisi ya 1:50,000, kilomita 5 zinapaswa kuwa sm 10 kamili. Wewe umepata sm 9.4. Gawa 9.4 kwa 10, unapata 0.94. Nakala yako imepunguzwa hadi asilimia 94 ya ukubwa wa ramani ya awali. Skeli yake halisi siyo tena 1:50,000. Ukitaka kuijua, gawa umbali wa ardhini kwa umbali wa kwenye karatasi, vyote vikiwa kwenye sentimita: kilomita 5 ni sm 500,000, gawa kwa 9.4, unapata takriban 53,200. Uliyonayo mezani ni ramani ya 1:53,200 iliyoandikwa 1:50,000.

Kabla ya kuutegemea mstari huo, hakikisha umeupima kutoka mahali panapostahili. Mistari mingi ya skeli haianzii sifuri kwenye ncha ya kushoto. Sifuri iko ndani kidogo, na kushoto kwake kuna kipande kimoja cha kilomita kilichokatwa vipande vidogo vya mita 100 au 200, ambacho namba zake zinaongezeka kuelekea kushoto. Kulia kwa sifuri ndiko ziliko kilomita nzima: 1, 2, 3, 4, 5. Mtu akianza kupima kwenye ncha ya kushoto kabisa hadi alama ya 5, amepima kilomita 6 akidhani ni 5. Kwako wewe dalili inaonyesha ulianza kwenye sifuri, kwa sababu kilomita 6 kwenye nakala hiyo zingekuwa zaidi ya sm 11. Hata hivyo rudia, uone kwa macho yako.

Kisha thibitisha kwa miraba ya gridi. Ramani nyingi za 1:50,000 zenye gridi ya mita zina mistari iliyoachana kilomita moja, yaani sm 2 kwenye karatasi halisi. Usipime mraba mmoja, kwa sababu kosa dogo la macho litameza tofauti yote: sm 2 na sm 1.88 zinakaribiana sana kwa rula ya kawaida. Pima miraba kumi kwa mkupuo. Kwenye karatasi halisi itakuwa sm 20, kwenye nakala yako itakuwa kama sm 18.8, na pengo la zaidi ya sentimita nzima huwezi kulikosa. Fanya hivyo mara mbili, mara moja kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara moja kutoka kusini kwenda kaskazini. Baadhi ya mashine huvuta karatasi kwa namna inayorefusha upande mmoja kuliko mwingine, na mstari wa skeli uliolala chini ya ramani utakuambia habari za upande wa mashariki na magharibi tu. Ikiwa pande zote mbili zimekuja 18.8 au karibu yake, nakala imepungua sawasawa, na unaweza kuendelea. Zikitofautiana sana, tafuta nakala nyingine. Kuisahihisha nakala iliyovutika upande mmoja kunawezekana, lakini kwa barabara inayogeuka kila upande ni kazi ndefu isiyostahili muda wako.

Na kama nakala haina mstari wa skeli, labda umekatwa nje ya karatasi, gridi hiyo hiyo inachukua nafasi yake. Miraba kumi ni kilomita 10 hata kama nakala imepunguzwa au kukuzwa mara ngapi.

Sasa turudi kwenye sm 12.4 yako. Kwa kuwa sm 9.4 ni kilomita 5, sentimita moja ya nakala hii ni 5 ÷ 9.4, kama kilomita 0.532. Zidisha kwa 12.4, unapata kilomita 6.6. Hilo ndilo jibu sahihi la swali lingine ambalo hamkuulizwa: umbali wa moja kwa moja kutoka darajani hadi njia panda, kama ndege anavyoruka. Mwenzako mwenye 6.2 alipungukiwa kilomita 0.4 hata kwenye swali hilo, na upungufu wake wote umetoka kwenye fotokopi.

Kilichobaki kati ya 6.6 na 7.5 ni kona za barabara. Rula inakata kona. Ili kuifuata barabara jinsi ilivyo, tumia ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka. Karatasi ya daftari iliyokatwa vizuri inatosha, mradi iwe ndefu kuliko njia yako. Weka ukingo wake ukianzia katikati ya alama ya daraja, ulale juu ya kipande cha kwanza cha barabara. Pale barabara inapoanza kuuacha ukingo, weka alama ndogo ya penseli kwenye ukanda na kwenye ramani, sehemu ile ile moja. Bonyeza ncha ya penseli pale pale, zungusha ukanda kuizunguka ncha hadi ukingo ulale juu ya kipande kinachofuata, kisha endelea hadi mahali barabara inapouacha tena. Unafanya hivyo hadi njia panda. Mwishoni ukanda utakuwa na alama nyingi zilizofuatana, na umbali kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ndio urefu wa barabara kwenye karatasi, sasa ukiwa umenyooshwa. Alama za katikati zina kazi yake: ukanda ukiteleza, hurudi mwanzo, unarudi kwenye alama iliyotangulia.

Swali la kweli katika njia hii ni vipande viwe vifupi kiasi gani, na hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu ndipo watu makini wanapotofautiana majibu. Chukua kona moja ambayo ni robo duara, yenye nusu kipenyo cha sentimita moja kwenye ramani. Urefu wake halisi kwenye karatasi ni sm 1.57. Ukiipita kwa kipande kimoja kilichonyooka, unapata sm 1.41, umekosa asilimia kumi nzima ya kona hiyo. Ukiigawa vipande viwili sawa, unapata sm 1.53, na kosa linashuka hadi asilimia mbili na nusu. Kwa vipande vitatu linabaki kama asilimia moja. Zaidi ya hapo faida inakuwa ndogo kuliko unene wa ncha ya penseli. Kwa hiyo kwa kona ya kawaida vipande vitatu vinatosha, kwa kona kali iliyokunjwa kama kiwiko ongeza, na mahali barabara imenyooka chukua kipande kirefu kimoja bila wasiwasi.

Angalia pia kosa hili linaelekea wapi. Kipande kilichonyooka siku zote ni kifupi kuliko tao kinalolipita, hivyo kila kona unayoikata inapunguza jibu. Hakuna kona itakayokurudishia ulichopoteza kwenye nyingine. Ndiyo maana wawili wakipima barabara moja kwa uangalifu, wakapata urefu tofauti, na hakuna ukanda ulioteleza, mimi huanza kwa kumwamini mwenye jibu refu zaidi.

Uzi nao unatumika, hasa kwenye mito inayopindapinda, ila una tabia ya kuvutika. Unaulaza polepole juu ya mto, kisha unaushika ncha mbili na kuukaza juu ya rula, na hapo unarefuka. Ukiutumia, chagua uzi usio na mnyumbuko na uukaze kwa nguvu ile ile uliyotumia wakati wa kuulaza. Kwa barabara naona ukanda wa karatasi ni bora, kwa sababu unaweza kuukagua alama kwa alama.

Ramani yako sijaiona, lakini naweza kukuambia utapata nini. Ikiwa mwalimu ana kilomita 7.5, na kilomita 5 kwenye nakala yako ni sm 9.4, basi barabara hiyo kwenye nakala yako ina urefu wa 7.5 ÷ 5 × 9.4, yaani sm 14.1. Chukua ukanda uipime, bila kuiangalia namba hii hadi umalize. Ukipata sm 14.1, hesabu yako itasomeka hivi:

sm 14.1 ÷ sm 9.4 = 1.5
1.5 × km 5 = km 7.5

Hapa hakuna 50,000 popote. Umelinganisha urefu wa barabara na urefu wa mstari wa skeli, vyote viko kwenye karatasi moja, vimepungua pamoja. Ukitumia 1:50,000 kwa ukanda huo huo wa sm 14.1 ungepata kilomita 7.05, karibu nusu kilomita pungufu, na usingejua kwa nini. Kwenye ramani halisi ya mwalimu barabara hiyo hiyo ni sm 15, na nusu yake ni 7.5.

Unaweza hata kuiweka rula kando. Peleka ukanda wenyewe kwenye mstari wa skeli. Weka alama ya kwanza ya ukanda kwenye sifuri. Ukanda utapita alama ya kilomita 5 kwa sababu ni mrefu kuliko mstari. Weka alama kwenye ukanda mkabala na hiyo 5, umeshahesabu kilomita 5. Kilichobaki ni kama sm 4.7. Sasa lisogeze hilo lililobaki: ncha yake ya kulia iweke kwenye kilomita nzima ambayo itaifanya ncha ya kushoto iangukie ndani ya kile kipande kidogo kilicho kushoto kwa sifuri. Hapa kilomita nzima hiyo ni 2. Ncha ya kushoto itaangukia katikati ya kipande, kwenye mita 500. Kilomita 2 na mita 500, ukijumlisha na zile 5, ni 7.5. Ndiyo sababu ya kipande hicho kukatwa upande wa kushoto: kinakupa kilomita nzima na mita zake kwa kusoma mara moja, bila kukisia.

Jambo la mwisho ni ukali wa jibu lenyewe. Kwenye 1:50,000 milimita moja ni mita 50 ardhini, na kwenye nakala yako ni mita 53 hivi. Alama ya barabara yenyewe, ikichorwa kwa unene wa milimita moja, ingemaanisha barabara yenye upana wa mita 50, na karibu hakuna barabara ya namna hiyo. Imenenepeshwa ili ionekane. Basi fuata katikati ya alama, usifuate ukingo mmoja leo na mwingine kesho, na usiandike kilomita 7.513 kana kwamba ulipita na utepe. Kilomita 7.5 ndiyo namba ambayo ramani hii inaweza kuitetea.

Hata hiyo 7.5 ni umbali wa mlalo. Ramani inaonyesha nchi kama inavyotazamwa kutoka juu, kwa hiyo kupanda na kushuka hakumo. Kwa barabara hili si la kukusumbua: mteremko wa mita 10 katika kila mita 100, ambao dereva atauhisi, unaongeza nusu asilimia tu, kama mita 37 kwenye safari yako nzima. Kinachopunguza zaidi ni kona ndogondogo ambazo mchoraji amezinyoosha kwa sababu hazichoreki kwa skeli hiyo. Kadiri ramani inavyobana eneo kubwa kwenye karatasi ndogo, ndivyo kona zinavyopotea, na mto ule ule ukiupima kwenye 1:250,000 utatoka mfupi kuliko kwenye 1:50,000 hata kama umeupima bila kosa.

Na usiipeleke njia hii kwenye ramani ya dunia ya ukutani. Kwenye karatasi ya 1:50,000 eneo ni dogo, skeli ni moja kila mahali kwa matumizi kama haya. Kwenye ramani ya dunia ya Mercator skeli inabadilika kadiri unavyoondoka ikweta: kwenye latitudo ya digrii 60 sentimita moja inawakilisha nusu tu ya umbali unaowakilishwa na sentimita moja kwenye ikweta. Mstari mmoja wa skeli hauwezi kuihudumia ramani kama hiyo yote.

Ukimaliza kupima, linganisha na sm 14.1 hivi. Ukipata kati ya sm 14.0 na 14.2, utaangukia kati ya kilomita 7.45 na 7.55, hiyo ni tofauti ya penseli, liache. Ukipata sm 13.5 au chini yake, unakata kona. Rudia sehemu zenye kona kali peke yake, na huenda ukaupata upungufu wote katika kona mbili tatu. Ukizidi sm 14.5, ukanda umeteleza mahali fulani, kwa hiyo pitia alama zako uone ni kipande gani kwenye ukanda ni kirefu kuliko kile kile kwenye ramani. Na ikiwa umepata sm 15 kamili, angalia tena karatasi iliyo mbele yako: yawezekana umepima ile ya mwalimu.